Fedha za kiwanja: ziongezwe dukani au zitoke nje ya duka?

Katika mitaa mingi kuna familia ya namna hii. Mke ana duka la vifaa vya ujenzi kwenye fremu ya kupanga, kando ya barabara kubwa. Mume aliacha kazi ya ulinzi mwaka jana ili awe anapeleka mizigo ya wateja kwa guta. Wana watoto watatu, na mkubwa yuko kidato cha tano. Duka linawalisha wote.

Sasa wameuza kiwanja cha urithi na mkononi wana shilingi milioni 30. Mume anataka zote ziende kwenye biashara: sehemu ziongeze mzigo, zinazobaki zifungue duka la pili kilomita moja mbele, lisimamiwe na mdogo wake ambaye hana kazi. "Pesa inazaa inapofanya kazi," anasema. Mke anasita. Hapingi biashara, kwa kuwa yeye ndiye aliyeianzisha. Hofu yake ni kwamba kila walicho nacho kinakaa kwenye fremu moja, na sasa na urithi nao unaingia humohumo.

Nani ana haki? Kubishana kwa maneno hakutawafikisha popote, kwa sababu mmoja anazungumzia faida na mwingine anazungumzia hatari. Kinachoweza kuwasaidia ni daftari, kalamu na jioni moja watoto wakiwa wamelala. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, lakini hesabu yenyewe inaweza kufanywa na familia yoyote yenye duka, shamba la kuku, saluni au bodaboda.

Kwanza: duka ni sehemu gani ya mali yote?

Hatua ya kwanza ni kuandika familia ina nini na kiko wapi. Mzigo uliopo dukani na stoo una thamani ya milioni 28 kwa bei ya kununulia. Madeni ambayo mafundi hawajalipa ni milioni 6. Guta lina thamani ya milioni 4. Jumla ya biashara ni milioni 38. Nje ya biashara wana akiba ya milioni 2 benki.

Nyumba wanayoishi isihesabiwe hapa, kwa sababu hawawezi kuiuza bila kutafuta pa kulala. Lakini kuna sharti moja. Siku hati ya nyumba itakapopelekwa benki kuwa dhamana ya mkopo wa duka, nyumba nayo inahamia upande wa biashara. Duka likianguka, inaweza kwenda nalo. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Sahihi hiyo isitolewe kwa kusukumwa.

Kwa hiyo, kabla ya fedha za kiwanja, milioni 38 kati ya milioni 40 zilikuwa dukani. Hiyo ni asilimia 95. Milioni 30 zote zikiingia dukani, itakuwa milioni 68 kati ya 70, yaani asilimia 97. Mume anaweza kusema kwamba kutoka 95 hadi 97 si tofauti kubwa. Lakini angalia kiasi chenyewe: mali inayoweza kupotea kwa pigo moja imepanda kutoka milioni 38 hadi 68. Zikibaki nje zote, duka litakuwa asilimia 54 tu ya mali.

Na asilimia hiyo bado haijasema kila kitu. Mume na mke wote wanafanya kazi dukani. Biashara ikisimama, hawatapoteza mtaji peke yake. Watapoteza pia mishahara miwili kwa siku moja. Familia ambayo mume ni mwalimu wa serikali na mke ana duka inaweza kubeba asilimia kubwa zaidi ya mali dukani, maana mshahara wa kila mwezi unaendelea kuingia hata duka likifungwa. Familia hii haina mshahara wa namna hiyo.

Hivyo kipimo kizuri zaidi kuliko asilimia ni hiki: duka likifungwa leo, familia itakaa miezi mingapi kabla ya kukopa? Matumizi yao ya nyumbani pamoja na ada ni kama shilingi 900,000 kwa mwezi. Akiba ni milioni 2. Jibu ni miezi miwili na siku chache. Kwa familia inayotegemea mlango mmoja, hilo ndilo jambo la kwanza la kurekebisha, hata kabla ya kuzungumza habari za faida.

Pili: faida ya kweli ni kiasi gani?

Mume ana hoja yenye nguvu. Duka linabakiza shilingi milioni 1.7 kwa mwezi baada ya kulipa kodi ya fremu, umeme, leseni na kodi ya mapato. Kwa mwaka ni milioni 20.4. Ukiigawa kwa mtaji wa milioni 38 unapata asilimia 54. Hakuna benki wala mfuko unaokaribia hapo.

Lakini hesabu hiyo imesahau watu wawili. Mke anasimama kaunta kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Mume anabeba saruji mchana kutwa. Kama wangeajiri muuzaji na dereva, wangelipa si chini ya shilingi 350,000 kwa kila mmoja, jumla 700,000 kwa mwezi. Fedha hiyo ni ujira wa jasho lao, na haipaswi kuhesabiwa kama faida ya mtaji. Hata kama wangekuwa hawana mtaji wowote, jasho hilo wangeweza kuliuza kwa mtu mwingine.

Toa hiyo 700,000, inabaki milioni 1 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Kisha kuna hasara ndogondogo ambazo haziandikwi. Fundi amechukua bati kwa mkopo akahamia mji mwingine. Mifuko ya saruji iliyokaa sana karibu na ukuta wenye unyevu wakati wa masika imeganda. Rangi imepitwa na wakati. Mke akipitia daftari la madeni na stoo anakuta hasara za namna hiyo zinafika kama milioni 2.2 kwa mwaka. Inabaki milioni 9.8. Ukigawa kwa 38, faida ya mtaji ni kama asilimia 26.

Asilimia 26 bado ni nzuri. Hatifungani za serikali zinalipa kidogo kuliko hapo. Kwa hesabu hii chukua asilimia 11 kwa mwaka, ukijua kwamba kiwango halisi hubadilika kulingana na muda wa hatifungani na wakati inapouzwa. Pointi 15 zinazozidi ndizo malipo ya kubeba hatari ya duka. Duka basi linastahili kuwepo. Lakini swali la familia si kama duka lililopo ni zuri. Swali ni je, milioni 30 mpya zitafanya kazi kama zile za zamani?

Tatu: shilingi mpya haizai kama ya zamani

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mtaji wa kwanza wa duka ulinunua vitu vinavyotoka haraka: saruji, misumari, waya wa kufungia. Mtaji unaoongezwa baadaye hununua vitu vinavyotoka polepole, au hufuata wateja walio mbali zaidi. Wastani wa duka hausemi lolote kuhusu fedha inayoingia leo. Inabidi kila matumizi mapya yapimwe peke yake.

Mke anafanya jambo rahisi. Kwa mwezi mzima anaandika kila mteja aliyeondoka bila kupata alichotaka. Mwisho wa mwezi anaona wengi walitaka nondo za milimita 12 na mabati ya rangi ambayo hana. Mauzo aliyoyakosa ni kama milioni 4. Kwa faida ya asilimia 8 ya bei ya kuuzia, amekosa shilingi 320,000 kwa mwezi, au milioni 3.84 kwa mwaka.

Ili kuwa na mzigo huo wakati wote, pamoja na rangi na geji tofauti za bati, anahitaji kama milioni 10. Fremu ni ileile, kaunta ni ileile, guta ni lilelile. Milioni 10 zinazozaa milioni 3.84 ni asilimia 38. Hapo mume ana haki kabisa. Fedha hiyo iende dukani.

Sasa zipime milioni 20 za duka la pili. Tuseme litaleta faida ghafi ya milioni 1 kwa mwezi. Toa kodi ya fremu 250,000, ujira wa msimamizi 350,000, kisha umeme, ulinzi na leseni 120,000. Inabaki 280,000 kwa mwezi, au milioni 3.36 kwa mwaka. Hiyo ni karibu asilimia 17 ya milioni 20. Tena hapo fundi hajakwepa deni hata mmoja, na hakuna mteja wa duka la kwanza aliyehamia la pili. Maduka yakiwa kilomita moja kutoka jingine, mafundi wengi watakuwa walewale.

Linganisha. Duka la pili linatarajiwa kuleta milioni 3.36. Milioni 20 hizohizo kwenye hatifungani ya asilimia 11 zingeleta milioni 2.2. Tofauti ni milioni 1.16 kwa mwaka. Hicho ndicho wanacholipwa kwa kubeba hatari ya duka la pili, pamoja na usumbufu wake wote.

Je, kinatosha? Tuseme duka la pili likishindwa litafungwa na nusu ya mtaji, milioni 10, itapotea. Ili kurudisha milioni 10 kwa ziada ya milioni 1.16 kwa mwaka, inahitajika miaka zaidi ya minane ya mafanikio mfululizo. Kwa maneno mengine, kama uwezekano wa duka kuanguka katika mwaka wowote unazidi moja kwa tisa, ni afadhali fedha ikae kwenye hatifungani. Mtu aliyeona maduka mapya yanavyofunguliwa na kufungwa katika mtaa wake anaweza kujijibu mwenyewe.

Nne: vikapu vingapi, au ni kikapu kimoja chenye majina mengi?

Mume ana jibu la mwisho: maduka mawili ni vikapu viwili. Ili kulijaribu jibu hilo, chora jedwali dogo. Upande wa kushoto andika mapigo yanayoweza kuifika biashara. Juu andika kila mali au chanzo cha kipato. Kisha weka alama pale pigo linapogusa.

Anza na mvua ndefu za masika, ambapo ujenzi hupungua. Zinagusa duka la kwanza, na la pili pia. Saruji ikiadimika kiwandani, zote mbili zinaguswa. Mafundi wakiacha kulipa, yatakuwa yaleyale. Barabara ikipanuliwa, fremu zote mbili ziko kando yake. Hili la barabara si la kufikirika. Mwaka 2017 nyumba na majengo ya biashara yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kibaha, yalibomolewa ili kupisha upanuzi. Mwenye maduka manne kwenye barabara hiyohiyo hakuwa na vikapu vinne.

Moto nao ni vivyo hivyo. Julai 2021 jengo la Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku. Mwenye meza tatu ndani ya jengo hilo alikuwa na kikapu kimoja. Mwaka 2020, watalii walipoacha kuja kwa sababu ya corona, familia za Zanzibar na Arusha zenye mke katika hoteli, mume kwenye gari la watalii na kijana kwenye duka la vinyago ziligundua kwamba kazi zote tatu zilikuwa na mteja mmoja: mtalii.

Kipimo basi si idadi ya milango. Ni idadi ya sababu tofauti zinazoweza kuifunga. Lori la mchanga la shemeji haliongezi kikapu kwa familia hii, kwa kuwa ujenzi ukilala, lori nalo linalala.

Jedwali hilo litumike pia ndani ya duka lenyewe. Kama mkandarasi mmoja ananunua karibu nusu ya mzigo wote, au kama msambazaji mmoja tu ndiye anayewakopesha saruji, basi hatari imejikusanya hata ndani ya mlango mmoja.

Tano: fedha ikishaingia, inatokaje?

Kuna jambo la tano ambalo halionekani kwenye faida: namna ya kutoka. Milioni 38 za duka si milioni 38 mkononi. Kama mtoto akilazwa na fedha ikahitajika ndani ya wiki mbili, mzigo utauzwa kwa bei ya kutupa, guta litauzwa kwa bei ya dalali, na madeni ya mafundi hayatalipwa kwa haraka. Mke anakadiria kwamba katika uuzaji wa haraka wangepata labda milioni 22. Fedha iliyo dukani inazaa vizuri, lakini si ya kukimbilia siku ya dharura.

Kwa duka la pili, mlango wa kutokea ni mwembamba zaidi, maana msimamizi ni mdogo wa mume. Muuzaji wa kuajiriwa akishindwa, mkataba unavunjwa na maisha yanaendelea. Huwezi kumwondoa mdogo wa mume dukani bila mama mkwe kupiga simu. Familia nyingi huendelea kutia fedha kwenye biashara inayokufa, si kwa sababu hazioni hasara, bali kwa sababu kuifunga ni kumwambia ndugu kwamba ameshindwa.

Hili halimaanishi ndugu asisaidiwe. Linamaanisha kwamba msaada na uwekezaji visivae nguo moja. Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, iandikwe kama ni zawadi, mkopo au ubia. Kama ni zawadi, kiwe kiasi ambacho hakitaumiza kisiporudi. Kama ni mkopo, iandikwe tarehe na kiwango cha marejesho. Kama ni ubia, iandikwe nani ana sehemu gani, faida inagawanywa lini, na hasara ikifika kiasi gani duka linafungwa bila mjadala. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuandika, na ndilo linalookoa undugu.

Sita: nje ya duka kuna nini?

Mume anaogopa kwamba fedha ya nje ni fedha iliyolala. Si lazima iwe hivyo, lakini kila chombo kina mipaka yake.

Hatifungani za serikali huuzwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa mnada, kwa muda wa kuanzia miaka 2 hadi 25. Mwananchi hushiriki kwa kufungua akaunti maalumu kupitia benki ya biashara au dalali wa soko la hisa, na kiwango cha chini ni shilingi milioni 1. Riba hulipwa kila baada ya miezi sita, na mtaji hurudishwa muda ukiisha. Mipaka yake ni miwili. Ukihitaji fedha kabla ya muda, itabidi uiuze kwa mtu mwingine sokoni, na bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Tena, riba isiyobadilika kwa miaka 20 inaweza kuliwa na kupanda kwa bei za vitu.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT AMIS, hukusanya fedha za watu wengi na kununua hisa, hatifungani na amana za benki. Mwekezaji hununua vipande. Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, una sehemu ya hisa ndani yake, hivyo thamani ya kipande inaweza kushuka kwa kipindi. Mfuko wa Ukwasi umeelekezwa zaidi kwenye vitu vinavyogeuzwa kuwa fedha kwa urahisi, na unafaa kwa akiba ya dharura kuliko kwa utajiri.

Jedwali la mapigo litumike hapa pia. Mtu anayenunua hatifungani ya serikali, kisha akanunua vipande vya mfuko wa hatifungani, hajapata vikapu viwili tofauti kabisa, kwani sehemu kubwa ya mfuko huo inaweza kuwa hatifungani hizohizo. Bado ni tofauti na duka la saruji, na hilo ndilo linalohitajika kwa familia hii. Mvua ya masika haizuii riba ya hatifungani. Moto wa stoo hauchomi vipande.

Milioni 30 zinagawanywaje?

Baada ya jioni mbili na daftari moja, mgawanyo unaanza kujipanga wenyewe.

Milioni 4 za kwanza zinaungana na milioni 2 za akiba kuwa milioni 6. Hiyo ni zaidi kidogo ya miezi sita ya matumizi ya nyumbani. Zinakaa mahali zinapopatikana ndani ya siku chache za kazi, na hazikopeshwi duka hata mzigo ukiwa wa bei nafuu kiasi gani.

Milioni 10 zinakwenda dukani kununua nondo na mabati ambayo wateja wameyaulizia. Hazinunuliwi kwa siku moja. Nusu inanunuliwa kwanza. Ikiwa baada ya miezi mitatu mauzo yameongezeka kama daftari lilivyosema, nusu ya pili inafuata. Yasipoongezeka, wamejifunza kwa gharama ndogo.

Milioni 5 ni za chuo cha mtoto wa kwanza. Zitahitajika ndani ya miaka miwili, kwa hiyo haziingii kwenye hatifungani ya miaka 20, wala kwenye mfuko wenye hisa nyingi, wala dukani. Amana ya muda maalumu ya benki au mfuko wa ukwasi vinatosha. Kazi ya fedha hizi si kukua sana. Kazi yake ni kuwepo siku ya kujiandikisha.

Milioni 11 zilizobaki zinakwenda kwenye hatifungani ya muda mrefu. Kwa asilimia 11, zitaleta kama milioni 1.2 kwa mwaka, kwa mafungu mawili. Ni kidogo kuliko duka, lakini zitakuja hata mwezi ambao duka halikuuza mfuko mmoja.

Na mdogo wa mume? Anaajiriwa kuendesha guta kwa mshahara unaoandikwa, ili mume ashughulikie kufuatilia madeni ya milioni 6, kazi ambayo kwa muda mrefu haikuwa na mwenyewe. Si duka, lakini ni kipato, na akijifunza biashara kwa mwaka mmoja ataweza kupimwa kwa kazi yake badala ya ahadi. Mshahara wake ni lazima ulipwe na madeni yanayokusanywa au mauzo yanayoongezeka. Usipolipika hivyo ndani ya miezi sita, mpango unaangaliwa upya.

Duka sasa ni milioni 48 kati ya 70, karibu asilimia 69. Bado ni kubwa. Hakuna sheria inayosema asilimia ngapi ni salama, na familia changa isiyo na kitu karibu kila mara huanza na yote kwenye biashara moja, kwa kuwa huko ndiko mtaji mdogo hukua haraka. Kosa ni kubaki hapo wakati biashara imeshakomaa na watoto wanakaribia chuo.

Kwa hiyo wameweka lengo la duka kuwa nusu ya mali. Kila mwezi shilingi 300,000 za faida zinatoka dukani kwenda nje, zikiungana na riba ya hatifungani. Ni kama milioni 4.8 kwa mwaka. Duka likibaki kwenye milioni 48, pengo la milioni 26 litazibwa ndani ya miaka mitano hadi sita. Kila Januari wanarudia hesabu: mali iko wapi, miezi mingapi ya matumizi ipo nje, na shilingi mpya dukani inazaa ngapi.

Mume hakupata duka la pili. Mke naye hakupata alichotaka mwanzoni, kwamba kiwanja kisiguswe na duka kabisa. Lakini swali alilokuwa akiliuliza kimoyomoyo, kama fremu ikiungua usiku wa leo mtoto atakwenda chuo au hatakwenda, sasa lina jibu, na jibu hilo limeandikwa kwenye daftari.